Dola inashuka duniani, mbona Kariakoo inapanda?

MWEZI Aprili 2025 mfanyabiashara mmoja wa viatu katika Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, ambaye hakupenda jina lake liandikwe gazetini, alinionyesha simu yake akiwa amekasirika. Kwenye kioo kulikuwa na grafu yenye mstari unaoteremka kama mtu anayeshuka ngazi. Juu yake yaliandikwa maneno matatu ya Kiingereza na herufi tatu: DXY.

"Kaka, hii si ndiyo dola?" aliuliza. "Tangu Januari inaanguka. Sasa mbona benki wananiuzia ghali kuliko Januari?"

Swali lake lilikuwa la haki, na lilikuwa limeshamgharimu fedha. Katikati ya Januari alikuwa amekubaliana na kiwanda kimoja cha Guangzhou mzigo wa dola 30,000. Kama ilivyo desturi, alilipa asilimia 30 ya kutangulia, yaani dola 9,000, kabla viwanda vya China havijafungwa kwa sikukuu ya mwaka mpya wao iliyoangukia Januari 29. Dola 21,000 zilizobaki alitakiwa azilipe viatu vikishakamilika, kabla havijapakiwa kwenye kontena.

Fedha ya kumalizia alikuwa nayo, ilitokana na mauzo ya Krismasi. Angeweza kununua dola zote siku hiyo kwa takriban shilingi 2,500 kila moja na kuziweka kwenye akaunti yake ya dola. Lakini kijana wake anayefuatilia mambo ya masoko alimwonyesha grafu. Dola ilikuwa imefika 110 na ilianza kurudi chini. "Subiri, boss, itashuka," alimwambia. Na kweli ilishuka. Ilipofika Aprili 21 ilikuwa chini ya 99, sawa na kupoteza asilimia 10 kwa miezi mitatu.

Kwa hesabu ya kichwani, mfanyabiashara huyo alitegemea dola ya Kariakoo nayo ishuke asilimia 10, kutoka 2,500 hadi 2,250. Deni lake la dola 21,000 lingekuwa shilingi 47,250,000. Badala yake, mwisho wa Aprili alinunua kwa 2,690, akalipa shilingi 56,490,000. Kama angenunua Januari angelipa 52,500,000. Kusubiri kulimla karibu shilingi milioni 4, na ukilinganisha na alichokuwa amekipanga, pengo ni zaidi ya milioni 9. Hapo hatujahesabu kwamba Mamlaka ya Mapato nayo hukokotoa thamani ya mzigo kwa shilingi, hivyo dola ikipanda ushuru nao unapanda pamoja nayo.

Grafu ile haikumdanganya. Yeye ndiye aliyeiuliza swali ambalo haina jibu lake.

Kapu lisilo na yuan

Kile kinachoitwa fahirisi ya dola ni kipimo kimoja tu: dola ya Marekani ina nguvu kiasi gani ikilinganishwa na kapu la fedha sita. Kilianzishwa Machi 1973, na siku ya kuanza kilipewa namba 100. Kwa hiyo ukiona 110 maana yake ni kwamba dola ina nguvu kwa asilimia 10 zaidi ya ilivyokuwa mwaka ule dhidi ya kapu hilo. Ukiona 97, imepungua kidogo chini ya hapo. Namba yenyewe si bei ya kitu chochote unachoweza kununua dukani. Cha maana ni mwendo wake kwa asilimia, kutoka wapi kwenda wapi na kwa muda gani.

Sasa tazama ndani ya kapu. Euro peke yake imechukua asilimia 57.6. Yen ya Japani ina 13.6, pauni ya Uingereza 11.9, dola ya Kanada 9.1, krona ya Sweden 4.2 na faranga ya Uswisi 3.6. Zimeisha. Shilingi yetu haimo, hilo kila mtu analijua. Lakini hata yuan ya China haimo, rupia ya India haimo, na dirhamu ya Falme za Kiarabu haimo.

Mwenye duka Mtaa wa Kongo na ajiulize vitenge, taa, simu na vyombo anavyouza vimetoka wapi. Vingi vimetoka China, India na Dubai. Kapu lile lilitengenezwa na Wamarekani kwa ajili ya biashara yao ya miaka ya sabini, na tangu hapo limeguswa mara moja tu kwa maana, euro ilipochukua nafasi ya fedha za nchi za Ulaya mwaka 1999. Kwa hiyo mtu anayesema fahirisi imeshuka, mara nyingi anachosema ni kwamba euro imepanda.

Ndicho kilichotokea 2025. Kati ya Januari na Septemba fahirisi ilitoka 110 ikafika karibu 97. Katika muda huohuo yuan ilitoka karibu 7.3 kwa dola moja ikafika karibu 7.1. Fahirisi imeanguka asilimia 12, yuan imesogea chini ya asilimia 3. Dirhamu haikusogea kabisa, kwa sababu imefungwa na dola tangu 1997 kwa 3.6725 na imebaki hapo. Aliyeagiza Dubai na kudhani bei itapungua kwa sababu grafu inateremka alikuwa anasubiri basi kwenye kituo ambacho basi halipiti.

Lakini hilo linaeleza tu kwa nini dola haikushuka kwa kiasi kile. Halielezi kwa nini ilipanda. Jibu la swali hilo liko nyumbani, na linarudi karibu kila mwaka.

Kalenda yetu ina nguvu kuliko grafu

Dola zinaingia Tanzania kwa msimu. Watalii hujaa kuanzia Juni hadi Oktoba. Tumbaku inauzwa katikati ya mwaka. Korosho za Mtwara na Lindi huanza minada Oktoba na kuendelea hadi karibu mwisho wa mwaka. Dhahabu inauzwa mwaka mzima. Kwa hiyo nusu ya pili ya mwaka benki zinakuwa na dola, na shilingi hupumua. Ikifika Januari hadi Mei mazao yameshakwisha, watalii wamepungua, lakini mafuta, mbolea na makontena ya Kariakoo yanaendelea kudai dola kila wiki. Hapo shilingi hubanwa.

Angalia mwaka mmoja ulivyokwenda, uone jinsi kalenda ilivyoishinda grafu mara mbili mfululizo. Mwisho wa Septemba 2024 fahirisi ilikuwa karibu 100, na dola moja iliuzwa zaidi ya shilingi 2,700. Kuanzia hapo fahirisi ilipanda hadi 108 mwisho wa Desemba. Kwa kufuata grafu, shilingi ilipaswa kuumia zaidi. Kinyume chake, iliimarika kwa kasi ambayo iliwashtua wengi, hadi karibu 2,400 mwisho wa mwaka. Baadaye, kuanzia Januari 2025, fahirisi ikageuka na kuporomoka, na shilingi nayo ikageuka na kudhoofika hadi karibu 2,700 mwezi Mei. Kisha msimu ukarudi, na kufikia Oktoba 2025 dola ilikuwa karibu 2,450, wakati fahirisi tangu katikati ya mwaka ilikuwa imekaa palepale, kati ya 96 na 100.

Si msimu peke yake uliofanya kazi hiyo. Benki Kuu ilikuwa inauza dola kwenye soko la mabenki. Kuanzia Oktoba 1, 2024 wachimbaji wakubwa wa dhahabu walitakiwa kutenga walau asilimia 20 ya dhahabu yao isafishwe na kuuzwa nchini, Benki Kuu ikiwa mnunuzi. Na Machi 28, 2025 zilitangazwa kanuni za kuzuia kupanga bei na kulipana kwa fedha za kigeni ndani ya nchi, hivyo pango la nyumba na ada za shule zilizokuwa zikidaiwa kwa dola zikarudi kwenye shilingi. Kila moja ya hatua hizo iligusa ama dola zinazoingia ama dola zinazotafutwa, na hakuna hata moja iliyoonekana kwenye grafu ya yule kijana.

Mfanyabiashara wa viatu angefanya nini basi? Katikati ya Januari alikuwa na mambo mawili mezani. Grafu ilikuwa inaonyesha dola inalegea Ulaya. Kalenda ilikuwa inaonyesha miezi mitano ya ukame wa dola nyumbani, na shilingi ikiwa imetoka kupanda ghafla mno wiki chache tu zilizopita. Deni lake lilikuwa la Aprili, ndani kabisa ya kipindi cha ukame. Kwa deni la namna hiyo, kalenda ndiyo ya kusikilizwa. Hata asiye na uhakika angeweza kununua nusu Januari na nusu Machi, akajipunguzia maumivu.

Aliyeingia hofu Mei 2025 na kununua dola nyingi kwa 2,690 kwa ajili ya mzigo wa Oktoba alifanya kosa lilelile kwa upande wa pili. Kila dola 10,000 alizojaza kwenye akaunti zilimgharimu shilingi milioni 2.4 zaidi ya ambaye alisubiri msimu.

Lini grafu inasema kweli?

Msomaji anaweza kudhani namwambia aitupe grafu. La hasha. Ipo miaka ambayo upepo wa nje ulivuma kwa nguvu hata kalenda ikanyamaza. Mfano mzuri ni 2014 na 2015.

Katikati ya 2014 fahirisi ilikuwa karibu 80. Machi 2015 ilifika 100, kupanda kwa asilimia 25 ndani ya miezi tisa tu. Shilingi yetu ilitoka karibu 1,660 ikapita 2,000 kufikia katikati ya 2015. Ni kweli tulikuwa na yetu pia. Wafadhili walikuwa wamezuia fedha kutokana na sakata la Escrow, na ulikuwa mwaka wa uchaguzi. Lakini shilingi ya Kenya ilidhoofika, ya Uganda ilitoka karibu 2,600 ikaenda zaidi ya 3,500, na randi ya Afrika Kusini ilianguka. Waganda hawakuwa na Escrow.

Hiyo ndiyo njia rahisi ya kupima. Ukiona dola inapanda hapa, usikimbilie kuuliza nani ameharibu. Fungua bei ya shilingi ya Kenya, ya Uganda na randi kwa miezi mitatu hiyohiyo. Randi inauzwa na kununuliwa duniani usiku na mchana, ndiyo maana huwa ya kwanza kutikisika upepo ukianza. Kama zote zinaelekea upande mmoja na fahirisi inaelekea huko, upepo unatoka nje, na hautaisha kwa sababu korosho zimeanza kuuzwa. Kama ni shilingi yetu peke yake inayosogea, sababu iko ndani. Desemba 2024 randi ilikuwa inadhoofika, fahirisi inapanda, na shilingi ya Tanzania inaimarika peke yake. Hapo hakuhitajiki mtaalamu kusema kwamba chanzo kilikuwa chetu.

Kipimo hichohicho kinafaa ukitaka kuelewa jirani. Januari 2024 dola moja ilifika karibu shilingi 160 za Kenya. Fahirisi wakati huo ilikuwa imetulia karibu 103, kwa hiyo upepo haukuwa mkali. Kilichoiumiza Kenya ni deni la hati fungani la dola bilioni 2 lililotakiwa kulipwa Juni mwaka huo, na wawekezaji walikuwa na wasiwasi kama litalipwa. Februari Kenya ilipopata mkopo mpya wa dola bilioni 1.5 kutoka masoko hayohayo, kwa riba inayozidi asilimia 10, wasiwasi ulikatika, na kufikia Aprili dola ilikuwa karibu 130. Fedha za wawekezaji wa namna hiyo hukimbia na kurudi haraka. Tanzania haikujifunga sana kwenye mikopo hiyo, na milango yetu ya hati fungani za Serikali kwa wageni imefunguliwa nusu, kwanza kwa majirani wa Afrika Mashariki mwaka 2014. Ndiyo maana kwetu fahirisi hugonga taratibu. Mara nyingi haipigi hodi mlangoni, inapitia dirishani.

Upepo uliochelewa

Dirisha hilo tuliliona 2022 na 2023, na sidhani kama kuna mfanyabiashara wa Kariakoo aliyelisahau.

Machi 2022 Benki Kuu ya Marekani ilianza kupandisha riba kutoka karibu sifuri. Fedha za dunia zikakimbilia Marekani, na Septemba 28, 2022 fahirisi ikagusa karibu 115, kiwango ambacho hakikuonekana kwa miaka 20. Mafuta, ngano na mbolea vilikuwa ghali kwa sababu ya vita vya Ukraine, na vyote vinalipwa kwa dola. Lakini ukisoma bodi za bei hapa Dar es Salaam mwezi huo, dola ilikuwa shilingi 2,300 na ushei, kama ilivyokuwa kwa miaka minne. Wengi tulijipongeza.

Kumbe mzigo ulikuwa unabebwa na akiba. Mwisho wa 2021 akiba ya nchi ya fedha za kigeni ilizidi dola bilioni 6. Mwisho wa 2022 ilikuwa bilioni 5 na ushei. Bei ilikuwa imesimama, ila ghala lilikuwa linapungua. Ilipofika 2023 fahirisi ilishaanza kurudi chini, Julai ikawa chini ya 100. Duniani dola ilikuwa inalegea, na hapo ndipo Kariakoo dola zilipoadimika.

Mwaka ule bei ya kwenye bodi haikuwa na maana sana. Bodi ilisema bei moja, lakini ukiomba dola 20,000 uliambiwa usubiri, au upewe 2,000 leo na nyingine wiki ijayo. Waliokuwa na kontena bandarini walilazimika kutafuta kwa bei ya juu zaidi ya iliyoandikwa. Shilingi iliposhuka hadi karibu 2,500 mwisho wa mwaka, ilikuwa inafuata tu kile ambacho mtaa ulishakijua.

Kwa hiyo swali la kuuliza benki kabla ya kupanga safari ya Guangzhou ni hili: nikija Jumatatu na shilingi zangu, mtanipa dola 20,000 siku hiyohiyo? Ukijibiwa ndiyo, bei ya bodi ni bei ya kweli. Ukijibiwa "tutakupigia", basi bei ya kweli iko juu ya ile ya bodi, na ukifanya hesabu ya mzigo kwa kutumia ya bodi utauza kwa hasara bila kujua. Jambo la pili ni taarifa za Benki Kuu za kila mwezi kuhusu akiba ya fedha za kigeni. Fahirisi ikipanda kwa miezi mingi, bei yetu ikakaa kimya, na akiba ikawa inapungua, jua kwamba upepo haujapita. Umechelewa tu.

Na mkulima je?

Mkulima wa Newala au Tandahimba anaposikia shilingi imeimarika anaambiwa afurahi. Mimi ningemshauri achukue kalamu kwanza.

Mnunuzi wa korosho anauza kwa dola India au Vietnam. Tuseme kwa hesabu zake anaweza kulipa dola 1.50 kwa kilo mnadani. Dola ikiwa 2,700, hiyo ni shilingi 4,050. Dola ikiwa 2,400, dola 1.50 ileile ni shilingi 3,600. Mkulima amepoteza shilingi 450 kwa kila kilo, na soko la dunia halijasogea hata senti moja. Mwenye tani 2 amepoteza shilingi 900,000. Minada ya mwanzo ya Oktoba 2024, ambapo bei ilipita shilingi 4,000 kwa kilo, ilifanyika dola ikiwa zaidi ya 2,700. Waliouza Desemba waliuza shilingi ikiwa imeshaimarika. Wakulima wengi walilaumu wanunuzi na viongozi wa ushirika, na pengine walikuwa na sababu zao, lakini sehemu ya pengo hilo ilikuwa ya fedha tu.

Kwa hiyo mkulima asiangalie bei ya shilingi peke yake. Agawanye kwa bei ya dola ya siku hiyo. Kama bei ya dola kwa kilo haijapungua, soko liko vilevile na kinachomla ni ubadilishaji wa fedha. Kama bei ya dola yenyewe imepungua, basi ama korosho ni nyingi, ama ubora umeshuka, ama wanunuzi ni wachache, na hapo malalamiko yaelekezwe kunakohusika.

Fahirisi inaingia wapi? Bidhaa zinazouzwa kwa dola huwa na tabia ya kushuka fahirisi inapopanda, kwa sababu mnunuzi wa Ulaya au Japani anaona bidhaa imekuwa ghali kwa fedha yake. Lakini ni tabia tu. Februari 2025 kahawa ya arabika ilivunja rekodi huko New York, zaidi ya dola 4 kwa ratili, wakati fahirisi ilikuwa juu kabisa, karibu 107. Ukame wa Brazil ulikuwa na nguvu kuliko dola. Dhahabu ndiyo inayoisikiliza fahirisi zaidi, na hata yenyewe si kila siku. Dola ilipolegea 2025 dhahabu iliendelea kupanda hadi ikapita dola 4,000 kwa wakia mwezi Oktoba. Kwa kuwa dhahabu ndiyo bidhaa yetu kubwa ya kuuza nje, kuanguka kwa fahirisi kulitufikia hatimaye, ila kwa kupitia Geita, na miezi kadhaa baada ya yule mfanyabiashara wa viatu kulipa deni lake.

Nilipomweleza hayo alicheka kidogo, kisha akauliza swali ambalo sasa linaulizwa sana Kariakoo: kama mzigo unatoka China, kwa nini asilipe kwa yuan akaachana na dola kabisa?

Inawezekana. Baadhi ya mabenki hapa nchini yanauza yuan. Ila usikubali bei kabla ya kufanya hesabu moja. Chukua bei ya dola ya siku hiyo, tuseme 2,450, ugawanye kwa idadi ya yuan katika dola moja, tuseme 7.1. Unapata shilingi 345 kwa yuan moja. Hiyo ndiyo bei ya haki. Benki ikikuuzia kwa 355, imekutoza karibu asilimia 3 juu yake, kwa sababu nayo mara nyingi huinunua yuan hiyo kwa dola. Kwa mzigo wa dola 30,000 asilimia hiyo ni zaidi ya shilingi milioni 2. Kwa upande mwingine, mwenye kiwanda anayelipwa kwa dola naye hujiwekea kinga yake ndani ya bei, asije akapata hasara yuan ikipanda. Mwombe akupe profoma invoisi mbili za mzigo uleule siku ileile, moja kwa dola na nyingine kwa yuan, uzigeuze zote kuwa shilingi kwa bei ambazo benki yako itakuuzia kweli. Mfanyabiashara wetu alifanya hivyo kwa mzigo wake uliofuata, na ile ya yuan ilikuwa nafuu kwa shilingi laki sita na kitu.